Uji Uliochujwa Mara Mbili

Jumamosi, 1 Machi

Nani aliyekufundisha kufunga dirisha jiko likiwaka, wewe mtoto? Nani? Unataka kufa kwa moshi, watu waje kusema bibi yako alikuwa mpishi?

Yeye hanisikii, lakini daftari linanisikia. Nisipoandika nitalala na hasira, na hasira kwangu inashuka magotini.

Mjukuu wangu kanitumia picha mbili za daftari lake kwenye simu. Ana miaka kumi na minne, anakaa na mama yake, binti yangu, mji wa pili kutoka hapa. Baba yake dereva wa malori, miezi mitatu hajaonekana. Kaandika chini: Bibi, ni kazi ya darasani, naomba unisahihishie upishi.

Kafika pahali pake! Miaka ishirini na minane nimepika shule ya bweni, watoto mia nne, sufuria tatu za kuingia mtu mzima. Walimu walikuwa wananiita Jemadari, na mimi naitika. Darasa la nne niliishia, lakini kwenye uji hakuna profesa wa kunikalisha chini.

Picha ya kwanza maandishi tu ya mwalimu, nimeiruka. Ya pili ndiyo pishi. Nalinakili hapa lilivyo, nione vizuri. Kioo cha simu kimepasuka.

UJI WA MTU MMOJA
1. Funga dirisha la jikoni kabla ya kuwasha jiko.
2. Pima unga nusu kikombe. Mwezi uliopita kilikuwa kikombe kizima.
3. Koroga kwa maji ya baridi mpaka lisibaki donge hata moja.
4. Mimina kwenye vikombe vitatu vya maji yanayochemka.
5. Koroga dakika ishirini. Usiache mwiko.
6. Chuja kwa chujio la chai.
7. Chuja tena kwa kitambaa cheupe.
8. Pooza mpaka kidole kisishtuke.
9. Washa redio.
10. Nywesha kwa kijiko kidogo. Hesabu. Jumatatu kumi na vinne. Jumatano kumi na kimoja. Ijumaa tisa.
11. Kunywa wewe kilichobaki, aone sufuria tupu.
12. Anika kitambaa kabla simu ya saa mbili haijalia.

Sasa hili nalo pishi? Kesho nalipiga kalamu nyekundu.

Jumapili, 2 Machi

Nimelinyoosha. Kazi ya saa nzima, na miwani yenyewe ina mguu mmoja.

Namba moja — nimefuta. Dirisha lifunguliwe.
Namba mbili — nusu kikombe hakimtoshi paka. Nimeandika vikombe viwili. Na hayo ya mwezi uliopita yanamhusu nani? Pishi halisimulii. Futa.
Tatu, nne, tano — hapo sawa. Ametoka kwangu huyo! Koroga kwa maji ya baridi kwanza, wengi hawajui.
Sita na saba — nani anachuja uji mara mbili? Unabaki maji ya kuoshea mikono. Futa.
Nane sawa.
Tisa — redio! Uji haupikwi kwa muziki. Futa.
Kumi — uji unanywewa kwa kikombe. Kuhesabu vijiko ni uchoyo. Futa.
Kumi na moja — mpishi anayemaliza chakula cha mlaji nilimfukuza kazi mwaka wa kwanza. Futa.
Kumi na mbili — futa.

Nimeongeza sukari na chumvi kidogo. Limekaa hilo, hatua sita, safi. Nimepiga picha mara tatu, mbili zimetoka dole gumba. Nimetuma.

Kajibu: Asante, Bibi. Basi. Yeye ambaye huwa haishiwi maneno — kutwa ananiita mke mwenzangu, ananidai urithi wa babu yake! Labda kachukia kukosolewa. Achukie. Ndivyo mtu anavyojifunza.

Saa mbili usiku nimempigia mama yake kama kawaida, mtoto ndiye hupokea kwanza. Mzima. Kasema wamekula wali, ameshiba.

Jumanne, 4 Machi

Ya leo saa tano asubuhi. Ngoja niandike polepole.

Mwalimu alipita. Huyu ni jirani yangu, mwanamke mwenzangu, amestaafu, amefundisha lugha mpaka sauti ikamkauka. Kaja kuazima ungo, kakuta daftari langu liko wazi juu ya meza, pishi la mtoto juu, kalamu nyekundu chini. Hana haya yule, kasoma. Akaanza kucheka:

"Jemadari, umemsahihishia mtoto shairi kama unakagua ghala!"

Nikamwambia shairi gani, hilo ni pishi la uji.

Akaendelea kusoma. Kicheko kikakatika katikati, kama mtu kakanyaga msumari. Kavua miwani. Kaniuliza taratibu:

"Nani mgonjwa kwenu?"

Mgonjwa? Nikamwambia hakuna mgonjwa kwetu. Kwetu hatuumwi hovyo.

"Huyu anayenyweshwa kwa kijiko ni nani?"

Nikavuta daftari karibu. Nikaisoma namba kumi upya. Mimi niliyeifuta!

Akataka aone picha ya kwanza, ile niliyoiruka. Kanisomea. Mwalimu wa shule ya mtoto aliandika hivi: Tunga shairi kwa umbo la maelekezo ya kazi. Kila hatua ianze kwa kuamuru. Vipimo viwe vya kweli. Usitaje hisia yoyote kwa jina lake: si hofu, si huzuni, si upendo. Weka hatua moja ambayo haihusu chakula.

Mwalimu akaeleza huku kidole kiko kwenye karatasi. Mashairi ya namna hii, anasema, yanajifanya karatasi ya kazi. Msomaji anafuata kazi, mkono unashughulika, halafu anakuta hatua ambayo kazi yenyewe haiihitaji. Pale ndipo mtu amejificha. "Ukitaka kumpata," anasema, "usitazame pishi lilipo sahihi. Tazama lilipokosea. Uji hauhitaji redio. Basi nani anaihitaji? Uji hauchujwi mara mbili. Basi koo la nani halipitishi? Na hizi namba, dada, ni ngazi. Angalia inaelekea wapi."

Kumi na vinne. Kumi na kimoja. Tisa.

Na mimi nilifuta nini? Nikaangalia wino wangu mwekundu. Hatua za upishi wenyewe nilizibakiza. Nilimfuta mgonjwa, hatua kwa hatua, kwa adabu kabisa, nikabakiza unga na maji!

Halafu ile ya kumi na mbili. Simu ya saa mbili. Nani anapiga saa mbili kila siku ya Mungu? Mimi. Kitambaa kinaanikwa ili mimi nisi — nini? Simu haina macho! Mwalimu kaniambia, labda ni ili mtoto awe amemaliza, sauti isitetemeke anapokupokea.

Jirani alinikalisha. Ungo akausahau.

Nimempigia mtoto wakati wa mapumziko ya shule. Nikamuuliza moja kwa moja, mama yako anaumwa? Kengele ikasikika. Halafu kwa sauti ndogo:

"Bibi, niliapa nisikuambie kitu."

Nikasema sawa, hujaniambia.

"Nilikutumia kazi ya darasani tu."

Sawa.

"Ulifuta yote, Bibi."

Nilitamani simu initoke mkononi. Kasema alipeleka shuleni ile niliyosahihisha mimi, kwa sababu alidhani nimeshaelewa na sitaki kusikia. Kapata tatu juu ya kumi. Mwalimu wake kaandika: Hili ni pishi tu.

Jumatano, 5 Machi

Zahanati, saa mbili asubuhi. Nikamwonyesha muuguzi lile pishi la mtoto. Sikusema ni shairi, nilisema ni maelezo ya mgonjwa. Hakucheka. Kauliza, alianza kwa kushindwa vyakula vigumu, nyama, wali, halafu laini, halafu vya majimaji? Nikasema sijui. Kauliza amepungua? Sijui. Anatapika? Sijui! Bibi gani huyu, yumo kwenye simu kila siku na hajui!

Kasema hilo si la kusubiri wala la kubahatisha. Njia ya chakula imebanwa na kitu. Inaweza kuwa kovu, inaweza kuwa kidonda, inaweza kuwa kibaya zaidi, na hakuna anayejua mpaka wapitishe mpira wenye taa na kamera waone. Siku maji yatakapokataa kushuka, ni hospitali siku hiyo hiyo. Na anyweshwe amekaa wima, asilale, uji usije ukaingia njia ya hewa.

Redio. Sasa nimejua redio ni ya nini. Ni ya kikohozi, majirani wasisikie. Na dirisha pia.

Niandike na hili, maana humu sidanganyi. Mwaka jana walikuja kunitembelea. Mezani, mbele ya watu, binti yangu alisukuma sahani, akasema Mama, nyama inakwama hapa. Akashika kifua. Mimi nikamwambiaje? Nikamwambia: acha kujidekeza, mtu mzima unatafuniwa? Kula! Watu wakacheka. Akatafuna kipande kile mpaka wote tukanawa mikono.

Tangu siku ile kila nikimuuliza ni mzima. Bila shaka ni mzima! Nani ataugua mbele ya mwanamke kama mimi?

Nikitokea tu mlangoni nikabwata, atajua mtoto kasema. Mtoto kaapa, na kiapo chake hakikuvunjika — alikizunguka kwa unga na mwiko. Akili hiyo! Siwezi kumwaibisha. Basi la kwao halipiti mpaka Ijumaa; kabla ya hapo nimwandikie namna aliyoniandikia. Mwalimu kakubali kukaa nami hapa mezani.

Jaribio la kwanza niliandika: Mjukuu wangu nakupenda, nasikitika sana. Mwalimu kapiga mstari. Kasema umeshataja, hakuna kazi iliyobaki kwa msomaji. Hisia usiitaje, ipe kazi ifanye. Nikamwambia mimi na maneno hayo hatujuani toka zamani, kuyaacha hakuniumi. Kaniambia: ndiyo maana utaweza.

La pili niliamuru tu. Fanya hiki, fanya kile, mistari ishirini. Kasema hii ni zamu ya jikoni, wewe uko wapi humu? Kipimo chako kiko wapi? Nikakasirika. Nikamnyima chai.

Halafu nikajiuliza kipimo changu ni kipi. Magunia. Ndoo. Mia nne. Sijawahi kupima kijiko maisha yangu yote. Nikaiandika hiyo.

Neno samahani nimeliandika mara nne, mara nne nimelikata. Kila likiingia mstari unakuwa wa mtu mwingine. Mwisho nimeliacha, nikaandika kuhusu kiti.

JINSI YA KUMPOKEA MGENI MKAIDI
1. Fungua komeo Ijumaa saa nane mchana. Atabisha mara mbili.
2. Usijibu ukiulizwa nani kasema. Hukusema.
3. Fungua dirisha.
4. Mwonyeshe kijiko kiliko. Mgeni amezoea kupika kwa ndoo.
5. Mwekee kiti kando ya kitanda. Kisiwe kiti cha mezani.
6. Mkalishe mgonjwa wima, mito miwili mgongoni.
7. Mgeni akianza kukaripia, mpe kitunguu amenye. Akiendelea, mpe kingine.
8. Kalale. Zamu yako imekwisha.

Mwalimu kasoma mara mbili. Kaenda dirishani akasimama, amenipa mgongo. Kasema ya sita ni ya muuguzi, ya saba ni ya kuchekesha, na ya nane hajui aseme nini. Nikamwambia asiseme. Kuhusu ya tano tu kaninong'oneza, kiti kina nini. Sikumjibu. Huyo si wa kujibiwa kila kitu.

Alhamisi, 6 Machi

Nimetuma. Dole gumba halikuingia.

Kajibu baada ya dakika tatu: Bibi, vitunguu vipo vitano tu.

Nimejikuta nacheka peke yangu na mkanda wa begi la safari umenikaa shingoni. Kisha ukaja ujumbe mwingine, namba tupu, bila salamu wala neno:

Jumamosi nane. Jumatatu sita. Jana vinne.

Nilikaa juu ya begi.

Ijumaa, 7 Machi

Nimefika saa nane na robo. Nimebisha mara mbili. Mtoto kafungua, kanishika mkono, hakuniamkia hata. Amekonda na yeye. Shingo imekuwa kama mpini.

Binti yangu alikuwa amekaa jikoni, mgongo kwangu, amevaa sweta na joto hili. Kageuka. Mimi nilimzaa, nikamnyonyesha, lakini kwa nusu dakika nilitafuta ni nani yule! Macho yamebaki makubwa peke yake usoni.

"Shikamoo, Mama. Umekuja bila taarifa."

Nikaitika marahaba. Nikataka kusema pole. Kilichotoka ni: hilo sweta ni la nani? Mtoto akaniwekea kitunguu mkononi. Wallahi.

Nimemenya viwili kimya. Kauliza, nani kakuambia? Nikasema hakuna aliyeniambia, nimekuja kukupeleka hospitali, teksi iko nje. Kasimama. Kasema hana kitu, tumbo tu, na yeye si mtoto wa kubebwa, na nisije kumdekeza leo baada ya miaka yote. Hilo la kudekeza alilisema taratibu, akiniangalia. Akaingia chumbani. Ufunguo ukazunguka.

Ndipo tulipo sasa. Naandika nimekaa kwenye kiti nje ya mlango wake, kile alichonitafutia mtoto, cha plastiki, si cha mezani wala nini. Nimegonga, hajibu. Kwa mara ya kwanza sikupiga kelele, na ukimya wangu umemtisha mtoto kuliko kelele.

Nilichukua lile shairi lake la kwanza, lile alilolinakili upya bila wino wangu. Nikalisukuma chini ya mlango. Nikasema: mwanangu, hakuna aliyeniambia. Nilisoma pishi.

Kitanda kililia. Karatasi iliokotwa. Nikahesabu pumzi zake, anapumua kama aliyepanda ngazi. Nikasikia anarudia kwa sauti ya chini, kama anasoma orodha ya dukani: washa redio... kunywa wewe kilichobaki...

Halafu:

"Alikuwa anakunywa yeye?"

Mtoto aliyeko nyuma yangu akaziba mdomo kwa mikono miwili.

Nikajibu ndiyo.

Kisha sauti, karibu kabisa na mlango, huenda paji la uso limeugusa:

"Hapa pameandikwa Ijumaa tisa."

Ndiyo, mwanangu.

"Leo nimeshindwa kimoja. Maji, Mama. Maji yamerudi."

Ufunguo bado haujazunguka. Nasikia mkono wake juu ya kitasa, unatua, unaondoka, unatua.

Siku hiyo hiyo, alisema muuguzi. Siku hiyo hiyo!

Basi sikiliza, mke mwenzangu, acha kusimama hapo. Kamwambie dereva wa teksi azime injini na asithubutu kuondoka. Leta viatu vya mama yako, vile vipana visivyobana. Chukua mto mmoja wa kumkalisha wima garini. Na andika lile pishi upya kwenye karatasi safi, hatua zote kumi na mbili, na siku zote mpaka ya leo, uandike na maji yaliyorudi. Ndilo daktari atakalosoma kwanza. Usifute hata namba moja.